Mfuko wa Jozi Sita

Chini ya kitanda changu kulikuwa na mfuko wa salfeti uliojaa viatu vyeusi. Mama akija kunitembelea kutoka Magu hufagia mpaka uvunguni, na kila akiukuta huuvuta nje. "Mwanangu, hivi viatu unamwekea nani?" Sikuwa na jibu. Nilishindwa kuvitupa kwa sababu kila nikivitazama nilikuwa naona hela yangu. Jozi 6 ndani ya miezi 14, na hakuna hata moja iliyokuwa imechakaa kwa kuvaliwa. Nyingi zilikufa bado zina upya wake juu, zimeoza chini.

Mimi ni mhudumu kwenye mgahawa mmoja wa kando ya ziwa hapa Mwanza. Naingia saa 2 asubuhi na kutoka saa 12 jioni, na siku hiyo yote ni ya kusimama na kutembea. Sakafu ya ukumbini ni vigae. Ya jikoni nayo ni vigae, ila ina maji ya kuoshea samaki na mafuta yaliyoruka kwenye karai, kwa hiyo kila safari moja ya sahani unapita pakavu, unapita pabichi, unarudi pakavu. Sharti la kazi ni viatu vyeusi, vya kufunika, visivyo na kisigino kirefu. Halafu kuna mlima. Nimepanga Mabatini, juu kwenye mawe, na anayeijua milima yetu anajua kwamba kabla sijafika barabarani kupanda daladala nimeshashuka ngazi za mawe ambazo mbuzi mwenyewe hufikiria kwanza.

Jozi ya mwisho iliniaibisha Jumapili moja ya Novemba, mvua za vuli zikiwa zimekolea. Nilikuwa na sinia lenye sato wawili wa kukaanga, ugali na kachumbari, ukumbi umejaa watu waliotoka ibadani. Nilipovuka kizingiti cha jikoni, soli ya mguu wa kulia ilikuwa imeachama mbele, ikajikunja chini ya vidole, nikajikwaa. Sikuanguka, lakini sahani moja ilianguka. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa meza ya karibu hakumtazama samaki sakafuni. Alitazama mguu wangu. Akasema taratibu, "Pole mwanangu. Hivyo viatu vitakuvunja." Sahani ilikatwa kwenye mshahara. Ila maneno ya yule mama ndiyo niliyolala nayo.

Kesho yake ilikuwa zamu yangu ya kupumzika. Nilibeba mfuko mzima wa salfeti mpaka kwa mzee anayeshona viatu chini ya mti karibu na kituo chetu. Nilikuwa nimeshampelekea hela nyingi za gundi, kidogo kidogo, buku leo, buku mbili wiki ijayo.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia kama kawaida yake.

"Mwangaluka, babu. Leo sitaki unibandikie. Nataka uniambie vimekufa na nini."

Akanitazama, akatazama mfuko, akavuta kigoda cha pili. Nadhani hakuna mteja aliyewahi kumwomba hivyo, na naamini alifurahi, kwa sababu aliacha kazi ya mtu mwingine nusu imeshonwa.

Alianza na jozi ya kwanza, ya shilingi 18,000. Alishika soli iliyofunguka, akaivuta mpaka ikatoka yote kwa sauti kama ya kubandua plasta. Upande wa ndani wa soli ulikuwa unang'aa. "Pitisha kidole," akasema. Ulikuwa laini kama sahani ya plastiki. Akanieleza kwamba gundi inataka mahali pa kung'ang'ania. Kabla ya kubandika, fundi hukwangua soli kwa msasa mpaka iwe na ukungu, hukwangua na upande wa kiatu, hufuta vumbi, hupaka gundi pande zote mbili, kisha husubiri kama dakika 10 au 15 mpaka ukiigusa isinase kidoleni. Hapo ndipo huzikutanisha na kuzigonga kwa nyundo. Hapa kiwandani walipaka gundi juu ya plastiki inayong'aa. Ilishika wakati kiatu kipo dukani, kikavu. Kilipoanza kukunjwa mara elfu kadhaa kwa siku, kwenye joto na maji, ikaachia kuanzia pale vidole vinapokunjikia.

"Na ile gundi niliyokuwa naleta kwako?"

"Nilikuwa nakwangua, lakini hii plastiki haipendi gundi yangu. Nilikwambia itakaa wiki mbili."

Ni kweli alikuwa ananiambia. Nilikuwa nasikia "itakaa".

Jozi ya pili aliikata kwa kisu, katikati, kama mtu anayepasua papai. Ndani, chini ya kile kitambaa cha kukanyagia, kulikuwa na karatasi ngumu ya rangi ya kahawia, aina ileile ya boksi la sabuni, imevimba na kugawanyika tabaka tabaka. Ule ndio ubao wa ndani unaobeba mguu. Ukilowa unalainika, ukikauka unakunjamana, na soli iliyobandikwa juu yake inakosa mwenyeji. Kisigino nacho, kile kikombe cha nyuma kinachoshika mguu usiyumbe, kilikuwa cha karatasi hiyohiyo. Alikibonyeza kwa dole gumba kikalala hakikuinuka tena. Nikakumbuka jinsi kile kiatu kilivyokuwa kinaniangushia mguu upande wa ndani kila ikifika saa 9 alasiri, nikadhani ni uchovu.

Ya tatu ilikuwa na ugonjwa wa juu. Ngozi yake ilikuwa inabanduka vipande kama ganda la kidonda, chini yake kitambaa cheupe. Babu alichukua kiraka cha ngozi ya ng'ombe kwenye kopo lake akaviweka pamoja ili nione kingo zake. Kingo ya kiatu changu ilikuwa na mistari miwili iliyo wazi: utando mwembamba mweusi juu, kitambaa chini. Kingo ya ngozi ilikuwa kitu kimoja chenye nyuzinyuzi zilizosukana, huwezi kuonyesha tabaka lilipoanzia. Alinionya kuhusu wale wauzaji wanaowasha kiberiti kuthibitisha. Ngozi ikiungua inanuka kama nywele, hilo ni kweli, lakini kuna ngozi dhaifu ya tabaka la chini iliyopakwa plastiki nzito juu, nayo itanuka nywele vilevile na itabanduka vilevile. Kingo haidanganyi kirahisi, na kwenye kiatu kilichokwisha kushonwa tafuta kingo pale ulimi ulipoanzia au ndani ya shingo ya kiatu.

Ya nne na ya tano nitazipita, zilikufa kama ya kwanza. Isipokuwa ya tano, ya 18,000, ilikuwa na jambo ambalo bado linanikera. Niliinunua kwa sababu ilikuwa imeshonwa. Uzi mweupe mzuri ulizunguka ukingo wote wa soli, na muuzaji alinionyesha kwa kidole: "Dada, hii imeshonwa, siyo ya gundi." Babu alinyanyua kile kitambaa cha ndani, akaniambia nihesabu vishimo vya sindano. Hakukuwa na kimoja. Ule uzi ulikuwa umepitishwa kwenye mfereji wa soli kwa nje tu kama urembo, haukuingia ndani ya kiatu. Kiatu kilichoshonwa kweli pembeni kina uzi unaoonekana pande zote mbili: nje kwenye ukingo na ndani kwenye sakafu ya kiatu, na ukipitisha kidole unausikia kama mshono wa shati. Nilitamani nimrudie yule muuzaji siku hiyohiyo.

Ya sita, ile ya Jumapili, ndiyo ya mtumba, 25,000. Hii ilikuwa na ngozi halisi, babu mwenyewe alisema. Nzito, imefinyangwa vizuri, kisigino kigumu. Nilipoinunua nilijua sasa nimepata. Wiki ya 3 soli ikaanza kuacha makombo meusi sakafuni, nikifagia chumbani nakuta kama masalia ya keki iliyoungua. Babu aliibonyeza kwa ukucha, ukucha ukazama na kipande kikatoka. Kuna aina ya soli, akasema, nyepesi, yenye vipovu vidogo ndani kama sponji, ambayo unyevu wa hewa huila polepole hata kama kiatu hakijavaliwa. Kinakaa miaka kwenye kabati la mtu au kwenye robota, juu kinapendeza, ndani soli imeshakwisha. Ukianza kukitembelea kinasambaratika. Kwa hiyo kwenye mtumba usitazame tu ngozi. Kunja soli, bonyeza kwa ukucha pale kwenye upinde, tafuta nyufa ndogo. Ikitoa unga, rudisha.

Tulipomaliza nilikuwa nimezungukwa na vipande. Nilidhani sasa ataniambia nitafute kiatu cha namna gani. Badala yake akasema, "Vua ndala."

Alitandaza boksi, akaniambia nisimame wima, uzito wote mguuni, akachora mguu wa kushoto kwa penseli, kisha wa kulia. Ilikuwa jioni, kama saa 11, na alisema huo ndio wakati wa kupima, kwa sababu mguu wa asubuhi siyo mguu wa jioni. Mtu wa kazi ya kusimama miguu yake huvimba kidogo kila siku. Akapima kwa futi kamba. Mguu wa kulia ulikuwa umeuzidi wa kushoto kwa milimita 4.

"Unavaa namba ngapi?"

"38. Toka sekondari."

"Wewe ni 39."

Nilimbishia. Kutoka namba moja hadi nyingine ni kama milimita 7 tu, akaniambia, ndiyo maana mtu anaweza kuishi na namba isiyo yake bila kujua. Lakini milimita hizo 7 ndizo nafasi ya vidole kusogea mbele unapotembea. Zikikosekana, kila hatua vidole vinasukuma pua ya kiatu, na pua ya kiatu inavuta soli. Akachukua tena jozi ya kwanza na ya nne, akanionyesha: zote zilianza kuachia upande wa kulia, mbele, mguu ulio mkubwa. Gundi ilikuwa mbovu, ndiyo, lakini mimi nami nilikuwa naisukuma ifunguke siku nzima. Nilikaa kimya muda mrefu. Miaka yote niliamini nina miguu inayouma tu.

Usiku huo nilipiga hesabu kwenye daftari. Viatu vyenyewe 118,000. Gundi na kushona, kwa ninavyokumbuka, 17,000. Jumla 135,000, na sikuwa na kiatu.

Babu alinielekeza kwa kijana mmoja mwenye karakana ndogo Kirumba. Kijana huyo alisoma teknolojia ya ngozi hapahapa Mwanza, kwenye kampasi ya DIT, na anashona viatu vya oda. Alinitajia 110,000. Tukaongea, nikamwonyesha mchoro wa babu kwenye boksi, akacheka kwa heshima akasema, "Huyu mzee ndiye aliyenifundisha kushika msharasi," tukafika 95,000, nusu mbele.

Sikuwa na hata hiyo nusu. Kazini tuna mchezo, watu 10, kila mmoja anatoa 10,000 kwa wiki, anayepokea anaondoka na 100,000. Zamu yangu ilikuwa ya 9 na tulikuwa wiki ya 4. Dada wa kaunta alikuwa wa 5. Nilimfuata nikamweleza ukweli, siyo kwa kulia. Akatazama viatu nilivyokuwa nimevaa siku hiyo, nilikuwa nimefunga pua kwa uzi mweusi, akasema, "Chukua ya kwangu, mimi nitakaa kwenye ya tisa. Lakini ununue viatu, usinunue kitenge." Dada, kama unasoma hapa, asante.

Nilikwenda karakana mara 3 kutazama, kwa sababu sikuwa tayari kudanganywa tena. Mara ya kwanza ngozi ilikuwa imekatwa vipande, vyeusi, unene kama wa sarafu. Alinikunjia kipande kwa vidole: mikunjo midogo ilitawanyika, alipoachia ikapotea. Mara ya pili sehemu ya juu ilikuwa imeshashonwa, imevutwa juu ya mguu wa mbao wa namba yangu na kupigiliwa misumari midogo kuzunguka. Kwa mguu wa kulia alikuwa ameongeza kiraka chembamba cha ngozi juu ya ule mguu wa mbao ili kiatu kitoke kikubwa kidogo. Akaniambia ataiacha hapo siku 2 au 3, ngozi iikariri ile sura, maana ukiivua haraka itarudi ilikotoka.

Mara ya tatu nilimkuta anashona soli. Ilikuwa mpira mweusi wenye mifereji, siyo plastiki. Niliubonyeza kwa ukucha kama nilivyofundishwa: ulibonyea kidogo, ukarudi. Alikuwa ameshabandika kwa gundi, na sasa anapitisha uzi. Msharasi unatoboa kutoka nje, unanasa uzi ulio ndani ya kiatu kwa ndoano yake, unauvuta kitanzi, kisha uzi wa nje unapita ndani ya kitanzi na vyote vinakazwa. Kila tundu vivyo hivyo. Uzi alikuwa ameupaka nta ya nyuki, na kila akiuvuta ulitoa mlio mwembamba. Nilikaa pale nikitazama mpaka akazunguka kiatu kizima. Aliniambia kila mshono umefungwa kivyake, kwa hiyo uzi ukikatika mahali pamoja majirani bado wanashika, na gundi ni ya kusaidia uzi, siyo kinyume chake. Kabla sijalipa nusu ya pili nilinyanyua kitambaa cha ndani na kupitisha kidole. Nyuzi zilikuwepo. Nilizisikia moja baada ya nyingine.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu na sitaki kumficha mtu. Vilikuwa vizito kuliko nilivyozoea, na nyuma ya kisigino cha kushoto lilitoka lengelenge siku ya pili. Kisigino kigumu kinachoshika mguu ndicho hichohicho kinachokwaruza kabla hakijakujua. Nilirudi Kirumba nikiwa na hofu kwamba nimepoteza 95,000. Kijana alipaka mafuta kidogo sehemu ile, akaigonga taratibu kwa mpini wa nyundo ikalainika juu, akaniambia nivivae nyumbani kwa muda wa saa 2 au 3 kila jioni na soksi nene kabla ya kuvipeleka zamu nzima. Nilifanya hivyo. Ilipofika wiki ya 3 niligundua kitu jioni moja nikiwa napanda ngazi za kwetu: nilikuwa nimepita mwamba ambao huwa nakaa kupumzisha nyayo, na sikuwa nimekaa.

Kuna masharti yake. Ngozi hunywa jasho la siku nzima, na ukiivaa kesho yake bila kupumzika inaoza kutoka ndani. Kwa hiyo zamu moja moja navaa jozi ya nne, ambayo babu aliishona pembeni kwa uzi wa kweli kwa 5,000, na kwa namba yake ndogo naivaa zile siku fupi tu. Vikilowa, najaza magazeti ndani, naviweka kivulini penye upepo. Juani hapana, wala karibu na jiko la mkaa, maana ngozi iliyokaushwa kwa moto hukakamaa na kupasuka palepale inapokunjika. Jumapili usiku navifuta kwa kitambaa chenye unyevu, navipaka dawa ya kopo, ile ya nta, kidogo. Na haviwezi kila kitu. Masika barabara ya kwetu ikigeuka mto, navibeba kwenye mfuko na kushuka na mabuti ya mpira. Watu kituoni wamezoea kuniona nabadilisha.

Jozi zile 5 nyingine babu alizichukua. Alibakiza vipande vya chuma na kamba za kufungia, vingine akatupa. Mfuko wa salfeti mama aliufua na kwenda nao Magu kuwekea mahindi.

Mwezi uliopita viatu vyangu vya Kirumba vilitimiza miezi 11. Nilipita kwa babu jioni nikitoka kazini, nikavivua, nikakaa kwenye kigoda nikiwa peku. Alikigeuza cha kulia, akapitisha dole gumba kwenye ukingo wote wa uzi, akakikunja, akakinusa hata. Kona ya nje ya kisigino ilikuwa imelika kwa mshazari, kama upana wa kidole.

"Ni kisigino tu," akasema. "Nitakata hiki kipande, niweke kingine cha mpira. 6,000. Njoo kesho saa 10."

"Na huku mbele?"

"Huku mbele hakuna kitu, mayu."

Nikaazima ndala zake, nikapanda mlima.